Kuunda Silaha Yenye Laana: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Hadithi za Njozi, kwa Kuufuata Upanga Tyrfing

Mwandishi anayekusudia kuingiza upanga wenye laana katika hadithi yake mara nyingi huanza na sura yake: rangi ya mpini, maandishi yaliyochongwa ubapani, nuru inayovuja kutoka ndani ya ala. Hayo yote yanaweza kusubiri. Kinachoufanya upanga wa aina hii usisahaulike ni masharti yake, yaani nini hutokea unapochomolewa, nani hulipa gharama yake, na deni hilo huisha lini. Masharti yakiandikwa ovyo, hakuna maelezo ya sura yatakayoiokoa hadithi.

Mwongozo huu unafuata silaha moja tangu kuzaliwa kwake hadi inapotoweka. Upanga wenyewe unaitwa Tyrfing, na habari zake zimo katika hekaya ya Aisilandi ya karne ya 13 inayojulikana kwa majina ya Hervor na Heidrek. Nimeuchagua kwa sababu unarithiwa katika ukoo mmoja, mkono baada ya mkono, na karibu kila anayeushika anaharibika kwa njia yake mwenyewe. Hivyo mwandishi anaweza kuona kazi ya laana ikirudiwa chini ya hali tofauti. Nakala za kale za hekaya hii hazisimulii mambo yote kwa namna moja, na pale tofauti hiyo inapokuwa na uzito nitaitaja.

Hatua ya kwanza: andika dhuluma iliyouzaa upanga

Mfalme Svafrlami wa Gardariki, nchi iliyokuwa katika maeneo ya Urusi ya leo, alikuwa mawindoni jua likizama alipowaona vibete wawili kando ya jiwe kubwa. Majina yao yalikuwa Dvalin na Durin, nao walikuwa wahunzi wasio na mfano. Mfalme aliwazuia wasirudi ndani ya jiwe lao, ambalo ndilo lililokuwa makazi yao, na walipoomba wasiuawe akawapa sharti. Alitaka upanga wenye mpini wa dhahabu, usioshika kutu kamwe, unaokata chuma na mawe kana kwamba ni nguo, na unaompa ushindi kila mtu atakayeushika.

Siku ya kukabidhi ilipofika, vibete walimpa upanga, na haukupungukiwa na chochote alichokitaja. Ndipo Dvalin, akiwa amesimama penye mlango wa jiwe, akatamka maneno yake: upanga huo utamuua mtu kila utakapochomolewa, kwa upanga huo yatatendwa matendo matatu ya aibu kuu, nao utakuwa kifo cha mfalme mwenyewe. Svafrlami alimrushia pigo, makali yakazama ndani ya jiwe, na kibete akawa ameshatoweka.

Soma tena mpangilio huo, kwa maana ndio msingi wa kazi yote. Mhunzi hakupunguza ubora wa kazi yake ili kulipiza kisasi. Alitimiza agizo lote, kisha akaongeza. Mwandishi anayeanza hufanya kinyume: huunda upanga wenye kasoro, unaovunjika wakati wa hatari au unaomlemaza aliyeushika, na upanga wa namna hiyo mhusika yeyote mwenye akili angeutupa mtoni siku ya pili. Tyrfing hautupwi na mtu yeyote kwa sababu hakuna upanga ulio bora kuliko huo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika laana, andika mambo mawili: kwanza kile ambacho mwagizaji alikidai, kwa maneno yake kamili, pili kile ambacho mtengenezaji alinyimwa. Laana iandikwe kutokana na hilo la pili pekee. Dvalin na mwenzake walinyimwa uhuru na ujira, wakalazimishwa kuifanya kazi ya fahari yao kwa kuogopa kufa. Laana yao nayo inamnyima mwenye upanga uhuru wa kuamua lini ataua, na inaigusa heshima yake kabla ya kuugusa uhai wake. Mwandishi akitaja tu uovu wa kale usio na mwanzo, msomaji hana cha kupima, na kila tukio baya litaonekana kuwa limewekwa kwa mkono wa mwandishi.

Ipo njia nyingine ambayo haihitaji neno la mtu yeyote, nayo inafaa zaidi kwa hadithi isiyotaka uchawi wa wazi. Huko Japani, panga zilizofuliwa na Muramasa wa Kuwana, katika jimbo la Ise, zilipata sifa ya kuuandama ukoo wa Tokugawa, uliokuja kuitawala Japani. Mwaka 1535 Matsudaira Kiyoyasu, babu yake Tokugawa Ieyasu, aliuawa na mtumishi wake kwa upanga ambao mapokeo yanauhesabu kuwa wa Muramasa, na misiba mingine ya ukoo huo ikaja kuhusishwa na mhunzi huyohuyo. Maelezo ya kawaida yapo: Ise haikuwa mbali na Mikawa, nchi ya ukoo huo, na panga za Muramasa zilikuwa kali na zilienea sana miongoni mwa wapiganaji wa huko, hivyo ilikuwa rahisi zikutwe penye kila msiba. Ieyasu mwenyewe alimiliki panga za Muramasa. Ukichagua njia hii, laana yako inajengwa na wahusika wanaokumbuka na kuunganisha matukio, na kazi yako ni kuweka kila tukio likiwa na sababu mbili zinazoweza kusadikika, bila kumwambia msomaji ipi ndiyo ya kweli.

Hatua ya pili: gawanya laana katika vifungu

Maneno ya Dvalin ni mafupi, lakini yana vifungu vitatu vya aina tatu tofauti. Kimoja ni cha kujirudia, kwa kuwa kinafanya kazi kila upanga unapochomolewa. Kingine ni cha idadi, kwa kuwa kinasema matatu na si zaidi. Cha mwisho ni cha mtu mmoja, kwa kuwa kinamtaja aliyedhulumu. Kila kifungu kina kazi yake katika usimulizi. Kile cha kujirudia kinatia hofu katika tukio dogo kabisa, hata mtu anapotaka tu kuuonyesha upanga kwa rafiki. Kile cha idadi kinampa msomaji kipimo cha safari nzima. Kile cha mtu mmoja kinathibitisha mapema kwamba laana ni ya kweli, na kwa sababu hiyo kinapaswa kutimia kabla ya vingine.

Namna kinavyotimia ndiyo inayostahili kuigwa. Svafrlami alikutana vitani na mpiganaji aitwaye Arngrim. Alipiga kwa Tyrfing, upanga ukakata sehemu ya ngao ya Arngrim na kuendelea hadi ukazama ardhini, na mfalme alipokuwa hajauinua, Arngrim akamkata mkono, akauokota Tyrfing na kumuua nao. Mfalme hakufa kwa sababu upanga ulimgeuka au kumteleza. Alikufa kwa sababu ulikuwa mkali mno, na ukali huo ndio alioudai kwa vibete. Hapa pana kanuni ambayo ningeiweka juu ya nyingine zote katika kazi hii: laana ipite ndani ya sifa njema ya silaha. Ukitaka upanga usiokosa kamwe, basi mwenye upanga aangamie kwa sababu hakukosa. Ukitaka mkuki unaomrudia mrushaji, basi urudi akiwa amempisha mtoto wake mbele.

Nakala mojawapo ya hekaya inaongeza masharti madogo yanayofaa kuchunguzwa. Tyrfing hung'aa kama mwale wa jua unapochomolewa. Ni lazima urudishwe alani ukiwa na damu ya binadamu ambayo bado ni ya moto. Na aliyejeruhiwa nao hafiki kesho yake. Sharti la damu ya moto lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linafungia muda. Mtu aliyeuchomoa hana siku nzima ya kufikiri, na hawezi kudanganya kwa damu ya mnyama. Unapoandika kifungu chako, jiulize msomaji mwerevu angekikwepa vipi, kisha uamue kama utaifunga njia hiyo au utamwachia mhusika aijaribu.

Hekaya yenyewe imeyumba mahali pamoja, na ni vyema kulisema. Upanga uliahidi ushindi kwa kila anayeushika, lakini Angantyr, mwana mkubwa wa Arngrim, anakufa akiwa ameushika. Alipigana na Hjalmar katika kisiwa cha Samso, ambacho leo ni cha Denmaki, naye akamtia Hjalmar majeraha 16 yaliyokuja kumuua, lakini Angantyr mwenyewe ndiye aliyeanguka kwanza. Mtu anaweza kusema kwamba wote wawili walikufa na hivyo hakuna aliyeshindwa, lakini huko ni kukitetea kifungu ambacho msimulizi alikiacha nyuma. Mwandishi wa leo asijipe ruhusa hiyo. Kama umeahidi ushindi, ama ushindi upatikane kila mara, ama neno lenyewe liwe limewekewa mpaka tangu siku lilipotamkwa.

Hatua ya tatu: amua jinsi upanga unavyompata mwenyewe

Angantyr na ndugu zake 11 walizikwa Samso, na Tyrfing ukazikwa pamoja nao. Binti yake, Hervor, alizaliwa baada ya hapo, akakua akijifunza silaha, akavaa nguo za kiume na kuongoza waharamia. Alifika Samso jua likizama, akapita katikati ya moto uliowaka juu ya makaburi, na akamwamsha baba yake aliyekufa ili amdai urithi.

Mazungumzo yao ndiyo sehemu bora ya hekaya yote, na mwandishi wa silaha zenye laana anapaswa kuyasoma kwa utaratibu. Kwanza Angantyr anakana kuwa na upanga. Hervor hakubali. Kisha Angantyr anamwambia wazi kwamba Tyrfing utaangamiza ukoo wake wote, na kwamba atazaa mwana atakayeubeba, jina lake Heidrek. Halafu anamwonya kwamba pande zote mbili za makali zina sumu. Hervor anajibu kwamba ni bora kwake kuupata upanga huo kuliko kuitawala Norwe nzima, na kwamba hajali sana wanawe watakavyogombana baadaye.

Jibu hilo la mwisho ndilo uchaguzi wenyewe. Watu husema kwamba silaha humchagua mwenyewe, na katika hadithi nyingi mwandishi huonyesha hilo kwa upanga kung'aa au kuwa mwepesi mkononi mwa mteule. Hapa upanga haufanyi lolote. Umelala chini ya mabega ya maiti. Hervor anachaguliwa na masharti, kwa kuwa yeye ni mtu anayeweza kusikia gharama yote, akaona kwamba italipwa na wengine, na bado akanyoosha mkono. Ukitaka kujaribu kama umejenga uchaguzi wa kweli, mweke mhusika wako mbele ya mtu anayemwambia ukweli wote kuhusu silaha, bila kumficha kitu. Akiendelea kuitaka, na msomaji akaelewa kwa nini anaitaka, silaha imempata. Lakini kama anaipokea kwa sababu tu hakuelezwa, basi amedanganywa, na hiyo ni hadithi ya aina nyingine.

Zingatia pia kwamba Hervor mwenyewe hakuharibiwa na Tyrfing kama wengine. Akiwa kwa mfalme Gudmund, mtu mmoja aliuchomoa upanga huo kwa udadisi, naye Hervor akamnyang'anya na kumuua palepale. Kifungu kilitimia, lakini aliyekianzisha ni mgeni asiyejua. Baada ya hapo aliishi, akaolewa na Hofund, mtu aliyesifika kwa hukumu za haki, na akazaa wana wawili, Angantyr na Heidrek. Upanga uliotulia katika ala kwa miaka mingi ni kitu cha thamani katika usimulizi, kwa sababu msomaji anajua, na nyumba nzima imesahau.

Kuna upanga mwingine wa hekaya za Aisilandi unaoonyesha njia tofauti ya kuchagua, nao ni Skofnung. Skeggi wa Midfjord aliuchukua katika kaburi la mfalme Hrolf Kraki, na alipomwazima kijana mshairi Kormak kwa ajili ya pambano, alimpa maagizo. Mfuko ulioufunika usiguswe. Jua lisiangaze mpini wake. Afikapo uwanjani aketi peke yake, auchomoe, aupulizie ubapa, na nyoka mdogo atatoka chini ya mpini. Ndipo auinamishe upanga ili nyoka arudi kwa urahisi. Kormak aliyadharau maagizo hayo na kuyaita mambo ya wachawi. Aliung'oa mfuko kwa nguvu, akaukanyaga mpini ili achomoe, na upanga ukalia bila kutoka. Siku ya pambano jua liliangaza mpini, nyoka hakushughulikiwa inavyostahili, na bahati ya upanga ikaondoka.

Skofnung haudai damu wala haumpotoshi mtu. Unadai adabu, na unamkataa asiyekuwa nayo. Hii ndiyo namna iliyo rahisi zaidi kuiandika vizuri, kwa kuwa kila agizo ni tendo dogo linaloonekana, na tabia ya mhusika inajidhihirisha katika jinsi anavyolitekeleza. Maagizo yawe machache, yawe ya mwili na si ya moyo, na angalau moja liwe la kuchosha kiasi kwamba kijana mwenye haraka atalivunja.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amemkumbuka Fumo Liongo wa pwani ya Kenya, aliyekufa kwa kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mtu wa damu yake. Mfano huo unasaidia kuweka mpaka. Siri ya Liongo iko mwilini mwake, na chombo kilichomuua hakina nia wala historia; kabla ya siku hiyo kilikuwa shaba tu. Ukijikuta umeweka nguvu yote ya kisa ndani ya mwili wa shujaa au katika usaliti wa nduguye, unaandika kisa cha namna ya Liongo, na huhitaji silaha yenye laana hata kidogo.

Hatua ya nne: potosha kwa kile ambacho mhusika tayari anakitaka

Heidrek ndiye aliyeharibika zaidi, na inafaa kukaa naye. Tangu utoto alikuwa mgumu wa tabia na mpenda fitina. Alifika katika karamu ya baba yake bila kualikwa, akawachochea wageni hadi mmoja akamuua mwenzake, na Hofund akamfukuza nchini. Mama yake alimpa Tyrfing alipokuwa akiondoka. Kuhusu kinachofuata nakala zinatofautiana: katika mojawapo, ndugu yake Angantyr anakufa kwa jiwe ambalo Heidrek alilirusha gizani; katika nyingine, ndugu hao wawili wanatembea pamoja, Heidrek anatamani kuuona upanga, anauchomoa, na kwa kuwa haurudi alani bila damu, anamuua nduguye, aliyekuwa wa pekee karibu naye. Hilo linahesabiwa kuwa tendo la kwanza la aibu.

Linganisha njia hizo mbili. Katika ile ya jiwe, Heidrek ni mwovu tayari na upanga unaongezewa mtu aliyekwisha haribika. Katika ile ya upanga, tamaa yake ni ndogo kiasi cha kusameheka: kijana amepewa kitu kizuri na anataka kukitazama. Ile ya pili ni bora kwa kazi yetu, kwa kuwa tendo kubwa la aibu limetokana na kosa ambalo msomaji naye angelifanya.

Tendo la pili ni zito zaidi. Heidrek alifika Reidgotaland, akamsaidia mfalme mzee Harald dhidi ya maadui zake, akamwoa binti yake Helga na kupewa nusu ya ufalme. Wote wawili, Heidrek na Harald, walipata wana. Kisha njaa ikaingia, na waganga wakasema haitaondoka mpaka atolewe kafara mvulana wa heshima kubwa kuliko wote nchini. Kila baba alidai kwamba mtoto wa mwenzake ndiye bora. Hofund aliombwa ahukumu, akasema ni mwana wa Heidrek. Lakini akamshauri Heidrek adai kwanza nusu ya askari wa Harald wawe chini yake kama fidia ya mtoto. Heidrek alipopewa askari hao aliwageuza dhidi ya Harald, akamuua yeye na mwanawe, na akaitoa damu yao kwa Odin, mungu wao mkuu, badala ya damu ya mtoto wake. Helga alijinyonga.

Ukikichunguza kisa hiki utaona kwamba upanga hautajwi kila sentensi, na bado kila kitu ndani yake ni kazi ya laana. Heidrek anataka kumwokoa mtoto wake. Hakuna mzazi asiyelielewa hilo. Upotovu uko katika ukweli kwamba ana njia ya kushinda kwa nguvu, anajua anayo, na kwa hiyo haitafuti nyingine. Hivi ndivyo silaha inavyompotosha mtu pasipo kumnong'oneza: inafanya suluhisho moja liwe rahisi mno mpaka mengine yakose mvuto. Kwa hiyo, unapopanga matendo ya mhusika wako, yapange kwa ngazi. La kwanza litokane na udadisi au ajali. La pili litokane na upendo wa kweli kwa mtu fulani. La tatu ndilo litokane na kiburi, wakati tayari hana mtu wa kumzuia, kwa kuwa aliokuwa nao wamekufa katika yale mawili ya mwanzo.

Ngazi ya tatu ya Heidrek inaonekana katika mashindano yake ya vitendawili na mgeni aitwaye Gestumblindi, ambaye kwa kweli alikuwa Odin aliyejibadilisha. Mfalme anavitegua vitendawili vyote mpaka anapoulizwa Odin alimnong'oneza nini mwanawe Baldr sikioni kabla hajawekwa juu ya moto wa maziko, jambo ambalo Odin peke yake analijua. Heidrek anaelewa aliye mbele yake, na badala ya kukubali kushindwa, anachomoa Tyrfing. Odin anageuka kipanga na kuruka, upanga unakata manyoya ya mkia wake tu, na Odin anamtabiria kifo mikononi mwa watumwa walio duni kabisa. Baadaye, akiwa safarini chini ya milima ya Karpati, watumwa wake walivamia hema usiku na kumuua kwa Tyrfing wenyewe. Kifo hicho kinahesabiwa na wengi kuwa tendo la tatu.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kumfanya mhusika aonekane amelewa: macho yanabadilika, sauti inakuwa nzito, naye anatenda kama asiyejijua. Mhusika wa namna hiyo hana lawama, na asiye na lawama hawezi kupotoka. Unaweza kuligundua tatizo hili katika rasimu yako kwa kuifuta silaha kwenye ukurasa na kuisoma upya. Tendo likibaki linaeleweka, ingawa lingekuwa gumu zaidi kutekelezeka, umeandika upotovu. Tendo likikosa maana kabisa bila silaha, umeandika ugonjwa.

Hatua ya tano: kama upanga una sauti, uipime

Tyrfing hausemi neno lolote. Mwandishi anayetaka silaha inayosema ana mfano mmoja mzuri katika Kalevala, utenzi wa Ufini uliokusanywa na Elias Lönnrot na kuchapishwa katika umbo lake kamili mwaka 1849. Kullervo, akiwa amepoteza kila mtu na amebeba dhambi asiyoweza kuivumilia, anauuliza upanga wake kama ungependa kula nyama yenye hatia na kunywa damu yenye kosa. Upanga unajibu kwamba hauoni sababu ya kukataa, kwa kuwa umekula nyama isiyo na hatia na kunywa damu ya wasio na kosa.

Unasema mara moja tu, na unajibu kile ulichoulizwa. Haumshawishi na wala haumfariji. Jibu lake linaumiza kwa kuwa linamkumbusha kazi aliyoutuma kuifanya mwenyewe. Silaha inayozungumza kila sura hugeuka kuwa mhusika wa pili mwenye mzaha na nasaha, na hofu yake huisha mapema. Ningependekeza sauti iwekewe sharti kama vifungu vingine: iseme lini, iseme na nani, na isiweze kusema nini. Sauti inayosema kweli tupu ni ya kutisha kuliko sauti inayodanganya, maana mhusika hawezi kujitetea baadaye kwamba alihadaiwa.

Hatua ya sita: funga kila kifungu kimoja kimoja

Mwana wa Heidrek, aliyeitwa Angantyr kama babu wa baba yake na ami yake waliotangulia, aliwatafuta wauaji wa baba yake. Aliwasikia wavuvi mtoni, akamwona mmoja wao akikata kichwa cha samaki kwa upanga, na akajua ni Tyrfing. Aliwaua usiku huo, akaurudisha upanga katika ukoo. Kwa hesabu ya matendo matatu, deni lilikuwa limekwisha.

Lakini kifungu cha kujirudia hakikuwekewa mwisho na Dvalin, na hapo ndipo msimulizi anapoonyesha ustadi wake. Angantyr alikuwa na ndugu wa baba mmoja, Hlod, aliyelelewa katika taifa la Wahun kwa babu yake mzaa mama. Hlod alidai nusu ya urithi. Angantyr alimpa sehemu kubwa isiyofika nusu. Mzee mmoja wa baraza akamtukana Hlod kuwa mwana wa kijakazi, na vita vikaanza. Angantyr alipigana akiwa na Tyrfing, akamuua Hlod, na alipomkuta miongoni mwa maiti alisema kwamba wamelaaniwa, kwamba yeye ndiye muuaji wa nduguye, na kwamba hukumu ya majaliwa ni mbaya.

Chukua orodha ya vifungu ulivyoviandika katika hatua ya pili, na kwa kila kimoja uandike ukurasa ambapo kinakoma. Kifungu cha mtu mmoja kinakoma kwa kifo chake. Kifungu cha idadi kinakoma idadi inapotimia, na ni lazima msomaji aweze kuihesabu bila kusaidiwa. Kifungu cha kujirudia hakikomi chenyewe, hivyo unabakiwa na chaguo tatu: kuiharibu silaha kwa gharama inayolingana na ile ya kuitengeneza, kuificha mahali ambapo mtu wa tabia kama ya Hervor angeweza kufika, au kuiacha mikononi mwa mtu ambaye tayari anajua imemfanya nini. Hekaya imechagua la tatu. Angantyr anabaki mfalme, masimulizi yanageukia orodha ya watawala waliomfuata, na hakuna anayeambiwa upanga uliishia wapi.